Sura ya 7: Maua 16 Yaliyohama Kundi

Mwaka 1936 mwanatakwimu wa Uingereza, Ronald Fisher, alichapisha jedwali la maua 150 ambalo hadi leo limo ndani ya programu nyingi za takwimu. Ni maua ya airisi ya spishi tatu, setosa, versicolor na virginica, kila spishi maua 50. Vipimo havikuwa vyake. Vilikuwa vya mtaalamu wa mimea wa Marekani, Edgar Anderson, aliyeikuta setosa na versicolor zikiota pamoja katika rasi ya Gaspé, jimbo la Quebec nchini Kanada. Kila ua lina namba nne za sentimita: urefu wa sepali, upana wa sepali, urefu wa petali na upana wa petali. Kwa msomaji asiyewahi kuliona ua hili, sepali zake ni zile pana zinazoinamia nje, na petali ndizo zilizosimama katikati.

Fisher alijua kila ua ni la spishi gani, na alichotafuta ni kanuni ya kuzitofautisha. Sisi tutafanya kazi nyingine. Tutaifunika safu ya spishi, tubaki na namba nne kwa kila ua, kisha tuitake kompyuta iyagawe maua hayo makundi kwa kuangalia namba peke yake. Mwishoni tutaifunua safu tuone imegawa vipi. Mbinu tutakayotumia ni wastani-k, ambayo kwenye programu huandikwa `kmeans`. Nimechagua airisi kwa sababu hapa makosa ya mbinu hii yanahesabika ua kwa ua, na kila kosa lina sababu unayoweza kuigusa.

Stuart Lloyd wa maabara za Bell aliiandika mbinu hii mwaka 1957, alipokuwa akishughulikia namna ya kuwakilisha mawimbi ya mawasiliano kwa idadi ndogo ya namba. Andiko lake halikuchapishwa katika jarida hadi 1982. Jina lake inalojulikana nalo lilitoka kwa James MacQueen mwaka 1967.

Hatua zake ni chache. Unaamua kwanza idadi ya makundi, ndiyo hiyo k. Hapa tuseme 3. Unachagua maua matatu kwa bahati nasibu yawe vitovu vya kuanzia. Kila ua linapelekwa kwenye kitovu kilicho karibu nalo zaidi. Baada ya maua yote kugawanywa, unatafuta wastani wa vipimo vya kila kundi, na wastani huo unakuwa kitovu kipya. Kwa kuwa vitovu vimesogea, kuna maua ambayo sasa yako karibu na kitovu kingine. Unayahamisha, unatafuta wastani upya, unaendelea hivyo mpaka pasiwe na ua linalohama. Kinachopungua kila mzunguko ni jumla moja: chukua umbali wa kila ua kutoka kitovu chake, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ujumlishe maua yote. Nitaiita jumla ya miraba. Mbinu hii haitafuti kitu kingine zaidi ya kuishusha jumla hiyo, na karibu kila tatizo tutakaloliona linatoka hapo.

Katika programu ya R, ambayo jedwali hili limo tayari, kazi yote ni mistari miwili:

```r
m <- kmeans(iris[, 1:4], centers = 3, nstart = 25)
table(m$cluster, iris$Species)
```

Mstari wa pili ndio unaoifunua safu tuliyoifunika. Maua yote 50 ya setosa yamekaa peke yao, wala hakuna mgeni kati yao. Kundi la pili lina maua 62: versicolor 48, na pamoja nazo virginica 14. Kundi la tatu lina 38: virginica 36 na versicolor 2. Kwa hiyo maua 134 yako pamoja na wenzao na 16 yako upande usio wao.

Mtu anaweza kuridhika hapo. Lakini hebu tulichukue ua moja kati ya hayo 16, lililo mstari wa 115 wa jedwali. Ni virginica. Sepali yake ina urefu wa sm 5.8 na upana wa 2.8; petali yake ina urefu wa 5.1 na upana wa 2.4. Itazame hiyo namba ya mwisho. Katika versicolor zote 50, hakuna yenye petali pana kuliko sm 1.8. Mtu mwenye rula asingekosea hata kidogo, lakini kompyuta imeliweka ua hili kati ya versicolor.

Tufuate hesabu yake. Kitovu cha kundi la pili kiko kwenye 5.90, 2.75, 4.39 na 1.43. Ukitoa kila kipimo cha ua na kuzidisha tofauti kwa yenyewe, sepali inachangia 0.01 kwa urefu na karibu sifuri kwa upana, petali inachangia 0.50 kwa urefu na 0.93 kwa upana. Jumla ni 1.45. Kitovu cha kundi la tatu kiko kwenye 6.85, 3.07, 5.74 na 2.07. Huko petali zinakaribiana vizuri, 0.41 na 0.11, na upana wa sepali unaongeza 0.07, lakini urefu wa sepali peke yake unaongeza 1.10, hata jumla inafika 1.70. Ua linakwenda penye namba ndogo. Kimsingi limefukuzwa kwao kwa sababu sepali yake ni fupi kuliko ya virginica wa kawaida, ingawa petali yake inasema waziwazi ni nani.

Ukiyaangalia na yale mengine utaona mtindo huohuo. Virginica 14 zilizohama ni zile ndogondogo, na versicolor mbili zilizokwenda upande wa pili ni kubwa. Mojawapo ina sepali ya sm 6.9. Mbinu ilianza kazi ya kutenganisha spishi na ikaishia, kwa sehemu, kutenganisha maua makubwa na madogo.

Sababu iko katika umbo la makundi yenyewe. Ndani ya virginica, ua lenye sepali ndefu huwa pia na petali ndefu. Uwiano wa vipimo hivyo viwili ni karibu 0.86, na ndani ya versicolor ni karibu 0.75. Ukiyachora maua kwenye grafu, kila spishi inatokea kama mkusanyiko mrefu uliolala kimshazari, kutoka maua madogo hadi makubwa. Sasa kumbuka wastani-k inajua nini kuhusu kundi: inajua kitovu chake, basi. Mpaka kati ya makundi mawili ni mstari ulionyooka unaopita katikati kabisa ya vitovu vyao. Hakuna mahali pa kuiambia kwamba kundi hili ni refu upande huu na jembamba upande ule. Kwa hiyo inapokutana na mikusanyiko miwili mirefu iliyokaribiana, inaikata kwa kukingama pale ambapo mtu angeikata kwa kufuata urefu wake.

Hilo ndilo sharti la kwanza ambalo mbinu hii inaliweka kimyakimya: makundi yawe ya mviringo, yakitawanyika sawa kila upande. Ziko mbinu ambazo kila kundi linaruhusiwa kuwa na umbo na mwelekeo wake. Kifurushi cha R kiitwacho `mclust`, kinachochukulia kila kundi kuwa na mtawanyiko wa umbo la yai, kikipewa maua haya na kuambiwa makundi ni matatu hukosea maua 5 tu, yote versicolor zilizohesabiwa kuwa virginica. Jedwali ni lilelile. Kilichobadilika ni dhana kuhusu umbo. Makundi yakiwa na maumbo ya ajabu zaidi, mathalani moja limelizunguka jingine kama pete, wastani-k haina matumaini kabisa, kwa kuwa vitovu vyote viwili vinaangukia sehemu moja.

Sharti la pili ni kwamba makundi yawe na upana unaolingana. Hili linaonekana vizuri ukiomba makundi mawili. Ungetegemea jibu rahisi: setosa 50 upande mmoja na nyingine 100 upande wa pili, maana petali za setosa hazizidi sm 1.9 kwa urefu, na versicolor yenye petali fupi kuliko zote ina sm 3.0. Kuna pengo la zaidi ya sentimita moja lisilo na ua hata moja. Hata hivyo jibu linalotoka ni 53 na 97. Versicolor tatu, za mistari ya 58, 94 na 99, zimevuka pengo hilo na kujiunga na setosa. Kundi kubwa limesambaa sana na kitovu chake kiko mbali, kwenye petali ya karibu sm 5.0, kitovu cha dogo kiko kwenye karibu 1.6. Katikati yao ni karibu 3.3, yaani mpaka umeangukia ndani ya eneo la versicolor, hauko kwenye pengo. Mbinu hailioni pengo. Inaona umbali tu. Nashauri kila anayeitumia ajiulize kama kuna kundi moja katika data yake lililosambaa kuliko mengine, kwa kuwa watu wa pembezoni mwa kundi hilo ndio watakaohesabiwa kuwa wa jirani.

Sharti la tatu ndilo linalowakamata wengi zaidi, nalo ni la vipimo. Umbali unategemea kizio. Ukibadilisha safu moja kutoka sentimita kwenda milimita, tofauti zake zinakuwa kubwa mara 10 na miraba yake mara 100, na safu hiyo inaanza kuamua kila kitu. Dawa inayofundishwa kila mahali ni kuvisawazisha vipimo kwanza: kila safu inapunguzwa wastani wake na kugawanywa kwa mkengeuko wake sanifu, ili zote ziwe na nguvu sawa. Jaribu dawa hiyo kwa airisi. Makosa yanapanda kutoka 16 hadi 25.

Kwa nini? Katika jedwali la asili urefu wa petali ndio uliotawanyika zaidi, mkengeuko wake ni karibu 1.77, na upana wa sepali ndio uliotawanyika kidogo zaidi, karibu 0.44. Inatokea pia kwamba petali ndizo zinazotofautisha spishi, na upana wa sepali hausaidii sana. Kusawazisha kunampa shahidi dhaifu sauti sawa na shahidi mzuri. Ukifanya kinyume, ukaziondoa sepali kabisa na kubaki na safu mbili za petali, makosa yanashuka hadi 6, na lile ua letu la mstari wa 115 linarudi kwao bila shida.

Simaanishi kwamba kusawazisha ni kosa. Kama safu moja ni umri kwa miaka na nyingine ni mapato kwa shilingi, usiposawazisha umri hautahesabika kabisa. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kusawazisha au kutosawazisha, na wa safu ipi iingie, ni sehemu ya jibu, na unapaswa kufanywa na mtu anayejua vile vipimo vinapima nini. Jedwali moja limetupa makosa 6, 16 na 25, na mbinu haikubadilika hata mara moja. Kwa safu ambazo si vipimo, kama namba za wilaya au aina ya kazi, tatizo ni kubwa zaidi: wastani wa wilaya ya 3 na wilaya ya 7 si wilaya ya 5, na hakuna usawazishaji utakaoliponya hilo.

Kuna kosa la aina nyingine, lisilotokana na data bali na mahali pa kuanzia. Kila mzunguko unapunguza jumla ya miraba au unaiacha ilivyo, kwa hiyo mbinu lazima isimame. Ila inaweza kusimama mahali ambapo hakuna hatua ndogo inayosaidia ingawa kuna mgawanyo bora mbali na hapo. Kwa airisi na makundi matatu, mgawanyo bora una jumla ya 78.85. Lakini ukianza vibaya, vitovu viwili vikaangukia upande wa setosa, unaweza kusimama kwenye 142.75, makundi yakiwa na maua 33, 21 na 96. Setosa zimepasuliwa vipande viwili, na spishi mbili nyingine zimefungwa karibu zote katika kundi moja. Kompyuta haitoi onyo lolote, kwa kuwa kwa upande wake kazi imekamilika.

Ndiyo maana nimeandika `nstart = 25` pale juu: mbinu inaanza mara 25 kutoka sehemu tofauti na kubaki na matokeo yenye jumla ndogo. Usipoandika chochote, R inaanza mara moja tu, na naliona hilo kuwa mtego halisi kwa anayeanza. Mwaka 2007 David Arthur na Sergei Vassilvitskii walipendekeza namna bora ya kuanzia: kitovu cha kwanza kichaguliwe kwa bahati nasibu, na kila kinachofuata kiwe na nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa kadiri kilivyo mbali na vilivyotangulia. Inapunguza sana ajali za namna hii, ingawa haizimalizi.

Sasa tufike kwenye k yenyewe. Mpaka hapa nimesema makundi matatu kwa sababu nilijua spishi ni tatu. Mtu mwenye data halisi hajui.

Hawezi kuitumia jumla ya miraba moja kwa moja, kwa kuwa kwa mgawanyo bora inashuka kila k inapoongezeka. Ukiyapa maua 150 makundi 150 inakuwa sifuri. Kinachotazamwa ni mwendo wa kushuka. Kwa airisi, kundi moja lina 681.37, mawili 152.35, matatu 78.85, manne 57.23, matano 46.45. Ukizichora namba hizi unapata mstari unaoporomoka kisha unalala, na mahali unapopinda panaitwa kiwiko. Kiwiko kiko wapi hapa? Kushuka kwa 529 kutoka kundi moja hadi mawili kunafunika kila kitu kinachofuata, kwa hiyo mmoja atasema 2. Mwingine ataona kwamba kutoka 152 hadi 79 bado ni karibu nusu, na baada ya hapo faida ni ndogo, atasema 3. Wote wawili wanatazama mchoro mmoja, na sijui hoja ya kumshinda yeyote kati yao. Kiwiko kinafaa pale kinapokuwa kikali. Kikiwa cha mviringo, jicho linaona kile lilichotaka kuona.

Peter Rousseeuw alitoa kipimo kingine mwaka 1987, silueti. Kwa kila ua unatafuta wastani wa umbali wake kutoka kwa wenzake wa kundi moja, halafu wastani wa umbali wake kutoka kwa maua ya kundi jirani lililo karibu zaidi. Unatoa wa kwanza kwenye wa pili, unagawanya kwa ulio mkubwa kati yao. Ua lililotulia nyumbani linapata namba inayokaribia 1. Lililo mpakani linapata karibu 0. Lililo karibu zaidi na majirani linapata hasi. Wastani wa airisi ni 0.68 kwa makundi mawili, 0.55 kwa matatu, 0.50 kwa manne. Silueti inachagua 2 bila kusita. Ila usiishie kwenye wastani. Tazama silueti ya ua mojamoja: katika makundi matatu setosa zinapata namba za juu, na namba za chini zimejazana pale versicolor na virginica zinapogusana. Picha hiyo inakuambia shida iko wapi, jambo ambalo namba moja haiwezi kukuambia.

Vipimo hivi viwili vina udhaifu mmoja: havina njia ya kusema kwamba hakuna makundi. Wastani-k ikipewa nukta zilizotawanywa ovyo kwenye sanduku, itazigawa makundi matatu ukiomba matatu, tena yenye mipaka safi. Ndiyo sababu naiheshimu mbinu iliyoletwa mwaka 2001 na Robert Tibshirani, Guenther Walther na Trevor Hastie. Unatengeneza data bandia zisizo na makundi, zilizoenea sawasawa katika eneo lilelile la data yako, unazigawa kwa k ileile, na unalinganisha: je, jumla ya miraba ya data yako iko chini ya ile ya bandia kwa kiasi kikubwa? Pengo hilo, likipimwa kwa logi ya jumla na likilinganishwa na mtikisiko wa data bandia zenyewe, linaweza kukurudishia jibu la 1, yaani acha, hapa hapana makundi.

Kwa airisi basi silueti inasema 2, kiwiko kinasema 2 au 3, na `mclust`, ikiachwa ijichagulie, nayo husema 2. Wataalamu wa mimea wanasema 3. Sidhani kwamba vipimo vimeshindwa, kwa kuwa makundi mawili yanaziunganisha versicolor na virginica, na muungano huo una asili yake. Anderson mwenyewe aliamini kwamba versicolor ilizaliwa kwa kuchanganyika kwa virginica na setosa, tena kwa kubeba kromosomu za wazazi wote wawili, na uchunguzi wa baadaye wa vinasaba ulimuunga mkono. Setosa ina kromosomu 38, virginica ina karibu 70, versicolor ina 108. Fisher alilijua wazo hilo na katika makala yake ya 1936 alilijaribu kwa vipimo: kama mchango wa virginica ni mara mbili ya ule wa setosa, basi versicolor inapaswa kuwa kati yao lakini karibu zaidi na virginica. Hivyo ndivyo alivyoikuta.

Kwa hiyo k inategemea unachokwenda kufanya na makundi. Kama kazi ni kutenga maua ambayo petali yake pekee inatosha kuyatambua, makundi ni mawili, na zile versicolor tatu zilizovuka pengo zinarudishwa kwa kuangalia urefu wa petali. Kama kazi ni kutaja spishi, ni matatu, na anayeifanya atumie petali peke yake, au mbinu inayokubali makundi marefu, na hata hapo maua machache yatabaki mpakani. Hayo hayatatenganishwa kwa kuongeza mizunguko wala kwa kubadilisha k. Yanahitaji safu ambayo haimo katika jedwali la Fisher, idadi ya kromosomu, nayo husomwa kwa hadubini na si kwa rula.